Namba ya Mwenzako: Uliza Kabla ya Kuitoa

Hii ni nakala ya kipindi chetu kwa ajili yako wewe ambaye redio haikushiki vizuri, au uliyesikia nusu tu kabla betri hazijaisha, au unayetaka kuwasomea wengine nyumbani. Leo tunazungumza juu ya jambo linalotokea kila siku kambini, makazini na mijini: mtu anakupigia simu, anakuomba namba ya mtu mwingine, nawe unayo. Je, utaitoa?

Wengi wetu tutajibu, "Kwa nini nisiitoe? Vita vimetutawanya. Mmoja yuko Tanzania, mwingine Uganda, mwingine amebaki Kongo au Burundi. Mtu akimtafuta ndugu yake, kumnyima namba ni ukatili." Ni kweli kwamba watu wanatafutana, na wengine hawajasikia sauti ya mama au mtoto wao kwa miaka. Lakini kati ya wanaotafutwa wapo pia wanaojificha, na simu inapoita huwezi kujua anayeulizwa ni wa kundi gani. Kipindi hiki kinaeleza njia moja inayowafaa wote wawili.

Tuanze na mfano. Tumeutunga sisi wenyewe na majina si ya watu halisi, lakini hatua zake ni zile ambazo wewe pia unaweza kuzipitia.

Simu ya mchana

Mama Furaha alikuwa akiishi Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Mume wake alipofariki, shemeji yake, yaani mdogo wa marehemu, alidai kiwanja cha nyumba na kusema watoto ni wa ukoo wa baba. Mama alikuwa na karatasi za kiwanja, zenye jina lake na la marehemu. Shemeji alizitaka, kisha akaanza kutisha. Mapigano yalipozuka tena, Mama Furaha aliwachukua watoto watatu, akavuka ziwa hadi Kigoma, akapokelewa katika kambi ya Nyarugusu. Huko alinunua laini mpya. Namba aliwapa watu wanne tu. Mmoja wao ni Mama Rehema, jirani yake wa zamani, ambaye sasa anaishi katika makazi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda.

Siku moja mchana Mama Rehema anapigiwa simu. Sauti ni ya mwanamume, na ni ya upole.

"Jambo, mama. Habari ya siku nyingi? Mimi ni mtu wa kwa kina Mama Furaha, wa kule Uvira. Mama yake mzazi ni mgonjwa sana. Anataka kumsikia mtoto wake kabla hajafa. Tafadhali, mama, nisaidie namba yake."

Mama Rehema anaingiwa na huruma. Anafungua simu, anatafuta jina, anabonyeza, anatuma kadi ya mawasiliano kwa WhatsApp. Kazi ya nusu dakika. Anaongeza na ujumbe: "Mungu ambariki mzee wetu."

Jambo ambalo Mama Rehema hakulijua ni hili: mama mzazi wa Mama Furaha alifariki miaka sita iliyopita, katika kijiji cha mbali ambacho majirani wa Uvira hawakifahamu. Mtu mmoja tu angeweza kuugundua uongo huo mara moja, naye ni Mama Furaha mwenyewe. Lakini yeye hakuulizwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuomba ruhusa. Mwenye namba anajua mambo ambayo wewe huyajui. Huenda anaitambua sauti, jina, au hadithi. Wewe unaona ombi zuri. Yeye anaona mtego.

Namba ilimweleza nini yule mwanamume

Mtu anaweza kusema, "Lakini ni namba tu. Si anwani ya nyumba." Hebu tuhesabu yule mwanamume aliyepata namba hiyo alijifunza nini kabla hata ya kupiga simu.

Jambo la kwanza ni nchi. Namba iliyotumwa inaanza na +255, na hiyo ni Tanzania. Kongo ni +243, Burundi ni +257, Rwanda ni +250, Uganda ni +256, Kenya ni +254. Mpaka asubuhi ile shemeji alikuwa hajui kama Mama Furaha alikwenda Bujumbura, Kampala au alibaki Kongo. Tarakimu tatu zimemwondolea kazi ya kutafuta katika nchi nyingine zote.

Jambo la pili ni jina ulilolihifadhi. Unapotuma kadi ya mawasiliano, unatuma na jina kama ulivyoliandika wewe katika simu yako. Mama Rehema, ili asichanganye watu, aliandika "Mama Furaha Nyarugusu". Basi hakutoa nchi tu, ametoa na kambi. Angalia simu yako mwenyewe. Wengi wetu tunahifadhi majina hivyo: jina na kambi, jina na mtaa, jina na kazi, hata jina na ugonjwa, kama vile "Baba Juma wa dawa".

Jambo la tatu ni picha. Namba ikiwa na WhatsApp, mtu anayeihifadhi anaweza kuona picha ya mwenye namba, isipokuwa mwenyewe amebadilisha mpangilio ili isionekane na kila mtu. Mama Furaha ameweka picha ya binti yake akiwa na sare ya shule. Sare ina rangi zake, na ukuta wa nyuma una maandishi.

Jambo la nne ni jina la usajili. Katika huduma nyingi za kutuma pesa kwa simu, ukiingiza namba na kiasi, jina la mtu aliyesajili laini linaonekana kabla hujathibitisha. Anayetaka kujua hahitaji kutuma hata shilingi, anasoma jina kisha anaghairi. Na kambini watu wengi hutumia laini iliyosajiliwa na mtu mwingine, kwa sababu hawakuwa na kitambulisho kilichokubaliwa. Laini ya Mama Furaha ilisajiliwa na dada mmoja Mtanzania anayeuza mboga sokoni. Sasa na huyo dada jina lake limefika Uvira, na yeye hana habari kabisa.

Kwa hiyo kutuma namba moja kumetoa nchi, kambi, sura ya mtoto, na jina la mtu wa pili. Na maji yakimwagika hayazoleki. Mama Rehema anaweza kuufuta ujumbe wake katika WhatsApp, lakini kama yule mwanamume ameshaihifadhi namba, au ameiandika kwenye karatasi, kufuta hakusaidii kitu.

Geuza njia

Sasa turudi nyuma. Simu inaita tena, mwanamume ni yuleyule, ombi ni lilelile. Safari hii Mama Rehema anafanya tofauti. Kanuni anayoifuata ni fupi: namba ya anayetafutwa haiendi kwa anayetafuta. Namba ya anayetafuta ndiyo inayokwenda kwa anayetafutwa.

Anamjibu hivi: "Pole sana kwa ugonjwa huo, baba. Mimi namba ya mtu siitoi, ya mtu yeyote. Lakini niachie jina lako na namba yako na ujumbe wako. Ikiwezekana kufika, utafika."

Yatazame maneno hayo vizuri, maana kila moja lina kazi. Hakusema "ninayo namba yake". Hakusema "simjui". Hakusema "yuko mbali". Hakudanganya, na hakuthibitisha lolote. Na alisema "ya mtu yeyote". Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kama Mama Rehema huwapa watu namba za wengine wote na kumkatalia huyu mmoja tu, kukataa kwake kutakuwa ni jibu. Mwanamume atajua, "Kumbe Mama Furaha anajificha, na huyu mama anajua aliko." Atarudi, atabembeleza, na pengine atatisha. Lakini kama ni desturi yako kwa kila mtu, hata kwa mchungaji anayeomba namba ya fundi cherehani, kukataa hakumwambii mtu chochote. Desturi yako kwa watu wasio na hofu ndiyo inayomficha mwenye hofu.

Kisha Mama Rehema anachukua kalamu. Anaandika mambo manne: jina kamili la anayepiga, uhusiano wake na anayetafutwa, namba yake, na ujumbe wenyewe. Halafu anaongeza swali moja: "Niambie jambo moja ambalo yeye akilisikia atajua ni wewe kweli." Ndugu wa kweli hakosi jambo la kusema. Atataja jina la utani la utotoni, au mti uliokuwa uani, au nani alimbeba siku ya mafuriko. Mtu mwenye nia mbaya mara nyingi atakasirika au atarudia habari ya ugonjwa na haraka. Haraka yenyewe si ushahidi wa uongo, kwa sababu watu huugua kweli. Lakini hata penye haraka njia hii haichelewi sana. Mama Rehema akimpata Mama Furaha jioni hiyo, na habari ikawa ya kweli, mama na mtoto watazungumza usiku huohuo.

Jioni Mama Rehema anapiga simu Nyarugusu. Hapa pia kuna utaratibu. Kwanza anahakikisha anayezungumza naye ni Mama Furaha mwenyewe. Simu huazimwa, simu huibwa, na laini isiyotumika muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine na kampuni ya simu. Akipokea mtu mwingine, Mama Rehema anasema tu kwamba alitaka kumsalimia, atapiga baadaye. Hamwachii ujumbe huyo aliyepokea, hata kama ni mtoto wake.

Akimpata, anamweleza kila kitu kama kilivyo, bila kukipamba: "Kuna mtu amenipigia leo mchana. Amejiita fulani. Anasema ni mtu wa kwenu na kwamba mama yako ni mgonjwa. Namba yake ni hii. Sikumpa yako. Ukitaka, unaweza kumpigia wewe mwenyewe. Au nimpelekee neno kutoka kwako. Au tunyamaze kabisa. Unasemaje?"

Mama Furaha ananyamaza kidogo. Kisha anasema, "Mama yangu tulimzika zamani. Tunyamaze."

Basi imekwisha. Mama Rehema hamuulizi sababu. Na yule mwanamume akipiga tena wiki ijayo, Mama Rehema hamwambii "amekataa", kwa sababu neno hilo lina maana kwamba amempata na kuzungumza naye. Anarudia maneno yake ya kwanza: "Namba ya mtu siitoi. Ujumbe wako nimeuandika." Akiendelea kumsumbua au kumtisha, Mama Rehema ana haki ya kumfungia namba na kumweleza kiongozi wa eneo lake au ofisi ya ulinzi wa wakimbizi.

Mtu wa pili aliyepiga

Tuseme mwezi mmoja baadaye simu ya Mama Rehema inaita tena. Ni kijana. Anasema anaitwa Baraka, yuko Bujumbura, anamtafuta mama yake. Walipotezana njiani usiku ule wa risasi, yeye akafuata kundi jingine. Anaomba namba.

Mama Rehema anatamani kuitoa hapohapo. Alimfahamu Baraka akiwa mdogo. Lakini hajamwona kwa miaka minne, na sauti ya mtoto wa miaka 13 si sauti ya kijana wa miaka 17. Anampa maneno yaleyale aliyompa mtu wa kwanza. Kijana halalamiki. Anatoa namba yake. Alipoulizwa jambo la kumtambulisha, anasema, "Mwambie ni yule aliyeungua mguu kwa uji, na yeye akapaka asali."

Usiku huo Mama Furaha anasikia habari ya asali, na hawezi kusema neno kwa muda. Kisha anasema, "Nipe hiyo namba." Anapiga yeye mwenyewe.

Umeona? Kanuni ni ileile na maneno ni yaleyale. Mtu mmoja alibaki nje ya mlango, na mwingine aliingia. Na aliyefungua mlango ni mwenye nyumba, si jirani. Ndiyo maana tunasema njia hii haiwatenganishi ndugu. Inachofanya ni kumpa anayetafutwa nafasi ya kuchagua.

Ruhusa ina mipaka yake

Wakati mwingine mtu atasema, "Lakini aliniambia zamani kwamba naweza kutoa namba yake." Tuangalie jambo hilo.

Ruhusa hutolewa kwa mtu fulani na kwa kazi fulani. Mama Furaha akisema, "Mpe mwalimu namba yangu ili anijulishe siku ya mtihani," hajasema mwalimu aiweke kwenye orodha ya wazazi inayobandikwa mlangoni. Na ruhusa ya mwaka jana huenda si ya leo. Mwaka jana alikuwa na amani na mtu yule, leo huenda wamegombana. Kwa hiyo unauliza upya kila anapokuja mtu mpya.

Kunyamaza si ruhusa. Umemwandikia ujumbe, "Nimpe fulani namba yako?" na hajajibu siku mbili. Huenda hana chaji, huenda hana salio, huenda hajui kusoma vizuri na anasubiri mtoto arudi shule amsomee. Jibu lisipokuja, namba haitoki.

Na kuna simu za kushirikiana. Familia tatu hutumia simu moja, au mtu hupokea simu zake kwa jirani mwenye duka. Hapo namba ina wenyewe wawili. Ukitaka kuitoa, unamuuliza anayetafutwa, na pia unamuuliza mwenye simu, kwa maana ndiye atakayepigiwa usiku wa manane. Akisema hapana, ni hapana, ingawa yule mwingine amekubali.

Kundi la WhatsApp na barua pepe

Kuna njia nyingine ya kutoa namba za watu bila hata kuombwa. Unaunda kundi la WhatsApp la wazazi, la kanisa, la watu wa mtaa wa zamani, na unawaingiza watu mia moja. Tangu dakika hiyo kila mmoja aliyemo anaweza kuona namba za wengine wote. Shemeji wa Uvira hahitaji tena kumpigia Mama Rehema. Anahitaji tu kuwemo katika kundi linaloitwa "Watu wa Uvira Tulio Mbali".

Kwa hiyo kabla ya kumwingiza mtu, mwambie: "Kuna kundi, lina watu wa aina hii, namba yako itaonekana. Uje?" Wengine watasema ndiyo. Wengine watasema, "Habari muhimu ziniletee mwenyewe." Kama kazi ya kundi ni kutoa matangazo tu, kwa mfano siku ya mgawo wa chakula, unaweza kutumia orodha ya kutangazia, ambayo katika WhatsApp huitwa Broadcast list. Hapo kila mtu hupokea ujumbe peke yake na haoni namba za wengine. Ila kuna sharti moja: ujumbe utamfikia tu mtu ambaye naye ameihifadhi namba yako. Wape kwanza namba yako, nao waihifadhi.

Barua pepe nazo zina mlango kama huo. Ukiwaandikia watu 30 na kuziweka anwani zao mahali palipoandikwa To au Cc, wote 30 wanaonana. Ukiziweka mahali palipoandikwa Bcc, hawaonani. Hatari nyingine ni kupeleka mbele barua uliyoandikiwa. Kijana mmoja anaandikia shirika kuomba msaada wa matibabu, na chini ya barua yake kuna majibizano ya wiki tatu: namba yake ya simu, jina la ugonjwa, kijiji alichotoka. Wewe unabonyeza Forward ili mtu mwingine aone mstari mmoja tu wa juu, naye anapokea yote. Kabla ya kutuma, shuka hadi mwisho wa barua uone kilichomo. Futa yasiyohitajika. Bora zaidi, andika barua mpya yenye mstari ule mmoja, baada ya kumuuliza mwenyewe.

Wanaofanya kazi hii kila siku

Njia ya kugeuza mwelekeo hatukuibuni sisi. Watu wa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao ni kuwaunganisha ndugu waliopotezana, hufanya hivyo. Kazi hiyo ni ya zamani. Mwaka 1870, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia, walifungua ofisi katika mji wa Basel, Uswisi, ili familia zipate habari za askari waliotekwa au kujeruhiwa.

Leo, katika kambi na makazi mengi ya ukanda wetu, unaweza kumwendea mfanyakazi au mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu na kusema, "Namtafuta kaka yangu." Atakuuliza jina lake kamili, majina ya wazazi, mahali alipozaliwa, mara ya mwisho mlionana wapi. Huduma hii hailipiwi. Akipatikana huyo kaka, wao hawakimbilii kukuletea namba yake. Wanamuuliza kwanza: "Kuna mtu anakutafuta. Unakubali tumwambie uliko?" Akikubali, mnaunganishwa. Asipokubali, hawatakuambia aliko.

Kwa hiyo anayekupigia simu akisema hana njia nyingine yoyote ya kumpata ndugu yake, mwelekeze huko. Ndugu wa kweli atakushukuru kwa kumwonyesha mlango wa pili. Na mtu akikuambia kwamba lazima alipwe ili "ashughulikie" kutafuta, au kwamba anakusanya namba za wakimbizi kwa ajili ya safari ya Ulaya au Marekani, usimpe ya kwako wala ya mwenzako. Msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi hauuzwi.

Kama umeshaitoa

Pengine unasoma haya ukikumbuka namba uliyoitoa wiki iliyopita. Usikae kimya kwa aibu. Mpigie mwenye namba leo. Mwambie namba yake umempa nani, lini, na kwa njia gani, na kama jina ulilotuma lilikuwa na mahali anapoishi. Akijua mapema anaweza kuondoa picha, kufungia namba asizozijua, kubadilisha laini, au kuwaeleza watu wa ulinzi kambini kwamba kuna mtu anamfuata. Asipojua, atapokea simu ya kwanza akidhani ni salamu.

Kisha fungua orodha ya majina katika simu yako. Palipoandikwa jina na kambi, ondoa kambi. Utamkumbuka tu.

Yapo mazingira machache ambapo hutasubiri. Mtu amezimia na mganga anahitaji namba ya mke wake: mpe mganga, kwa sauti ya chini, si mbele ya foleni nzima. Mtoto mdogo ameokotwa sokoni peke yake, na wewe unaijua namba ya mama yake: mpigie mama wewe mwenyewe, au mpe afisa wa ulinzi wa watoto. Hata hapo unampa mtu mmoja mwenye kazi hiyo, kwa ajili ya jambo hilo moja, na ukimpata mwenye namba unamweleza ulichofanya.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha wasikilizaji

Kwanza: mtu akikuomba namba ya rafiki yako mbele ya watu, utamjibu kwa maneno gani bila kuonyesha kama unayo au huna? Mjaribu kuyasema kwa sauti, mmoja akiomba na mwingine akijibu.

Pili: namba yako mwenyewe iko kwa nani? Umewahi kuwaambia kama wanaweza kuitoa?

Tatu: katika kundi lenu la WhatsApp, nani aliulizwa kabla ya kuingizwa?

Tukutane tena wiki ijayo, siku na saa ileile. Ukimaliza kuisoma nakala hii, mpe jirani naye aisome. Hii huhitaji kumwomba mtu ruhusa.